Sakafu ya ghorofani inabeba nini: kukokotoa mzigo wa kudumu na mzigo wa matumizi

Anayejenga ghorofa kwa mara ya kwanza huuliza kama zege la juu litastahimili kitanda, kabati, friji na wageni wa sikukuu. Swali hilo ni la haki, ila linaanzia mwishoni. Katika nyumba ya kawaida vitu hivyo ni sehemu ndogo ya kazi ya sakafu. Nguvu nyingi ya zege na nondo inatumika kubeba uzito wa sakafu yenyewe, na usipoujua uzito huo huwezi kujua umebakiwa na nafasi kiasi gani kwa ajili ya kitanda na wageni.

Wahandisi huugawa uzito unaoikalia sakafu katika mafungu mawili. La kwanza ni mzigo wa kudumu: vyote vilivyojengwa au kufungwa pale na ambavyo havitaondoka, kama zege lenyewe, mota ya kusawazisha, vigae, lipu ya dari, na kuta zilizosimama juu ya sakafu hiyo. Fungu la pili ni mzigo wa matumizi: watu na vitu vinavyoingia na kutoka au kuhama kutoka kona moja hadi nyingine. Ukitaka kujua kitu kiko fungu gani, jiulize kama kitakuwapo usiku wa manane nyumba ikiwa tupu, mwaka huu na miaka ishirini ijayo. Kama kitakuwapo, kihesabu kuwa cha kudumu.

Mgawanyo huu una sababu ya kikazi. Mzigo wa kudumu unaweza kuupima kwa futi na kuukokotoa karibu kamili. Mzigo wa matumizi ni makisio, kwa kuwa hakuna ajuaye nani atapanga nyumba hiyo baada yako na atajaza nini chumbani. Zaidi ya hapo, zege linaloelemewa mfululizo huendelea kupinda polepole kwa miaka, hata kama uzito haujaongezeka. Wageni wakiondoka, sakafu hurudi karibu ilipokuwa. Ukuta wa matofali hauondoki, na sakafu iliyo chini yake itaendelea kushuka taratibu mpaka mpindo wake uwe mara mbili au tatu ya ule wa siku za mwanzo.

Tuchukue chumba cha kulala cha ghorofani chenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 20, kilichozungukwa na mihimili pande zote nne. Slabu yake ni zege la nondo lenye unene wa milimita 150. Juu yake kuna mota ya kusawazisha ya milimita 50, kisha vigae, na chini kuna lipu ya milimita 15.

Njia ya kupata uzito wa kila tabaka ni moja tu: zidisha unene kwa mita na uzito wa mita moja ya ujazo ya kitu hicho. Jibu ni kilo zinazokalia kila mita ya mraba. Zege la nondo huhesabiwa kuwa na kilo 2,500 kwa mita ya ujazo. Milimita 150 ni mita 0.15, kwa hiyo:

0.15 × 2,500 = 375

Kilo 375 kwa kila mita ya mraba, kabla hujaweka chochote juu. Mota ya saruji na mchanga tuipe kilo 2,200 kwa mita ya ujazo: 0.05 × 2,200 ni kilo 110. Vigae pamoja na gundi yake tuvipe kilo 25, na lipu ya dari, kwa kilo 2,000 za ujazo, ni 0.015 × 2,000, yaani kilo 30. Jumla:

375 + 110 + 25 + 30 = 540

Basi mzigo wa kudumu wa chumba chetu ni kilo 540 kwa mita ya mraba. Kwenye michoro hutaona kilo bali kilonyutoni, zinazoandikwa kN/m². Kilonyutoni moja ni karibu sawa na uzito wa kilo 100, kwa hiyo kilo 540 ni takriban 5.4 kN/m². Ukilijua hilo tu unaweza kusoma namba za mhandisi bila kuogopa.

Usikokotoe kwa unene ulioandikwa peke yake. Kapime. Mahali pazuri pa kuona ukweli ni ukingo wa tundu la ngazi kabla halijapigwa lipu, kwa sababu hapo tabaka zote ziko wazi na utepe wa kupimia unatosha. Mara nyingi utaona slabu ni 150 kama ilivyochorwa lakini mota juu yake imefika 80 au 100. Chanzo chake kwa kawaida ni mirunda iliyotitia siku ya kumwaga zege. Slabu ikakauka na bonde katikati, na fundi wa vigae, akitaka sakafu iliyonyooka, akalijaza bonde kwa mota. Jicho linafurahi, lakini kila sentimita moja ya mota imeleta kilo 22 kwa mita ya mraba. Mota ikiwa 100 badala ya 50 chumba kizima, umeongeza kilo 110 kwa mita ya mraba, yaani kilo 2,200 kwa chumba, na hazitaondoka kamwe. Na hata bonde likiwa dogo, mota ya kulijaza hurundikana katikati, mahali ambapo slabu inapinda zaidi. Ukikuta bonde la namna hiyo, muulize mhandisi kwanza kwa nini slabu imeshuka, ndipo fundi aendelee.

Sasa mzigo wa matumizi. Huu haupimwi kwa futi, unasomwa kwenye kanuni. Wahandisi wengi wa Tanzania na Kenya wamefundishwa kwa kanuni za zamani za Uingereza, na ile ya mizigo inaitwa BS 6399. Humo chumba cha nyumba ya kuishi kinapewa kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba, tuseme kilo 150. Wanaotumia kanuni za Ulaya, Eurocode, mara nyingi huanzia kati ya 1.5 na 2.0. Ofisi ya kawaida hupewa 2.5, darasa 3.0, duka 4.0, na ukumbi usio na viti vilivyofungwa sakafuni 5.0.

Kilo 150 kwa mita ya mraba ni sawa na watu wazima wawili wamesimama katika kila mita ya mraba, chumba kizima. Katika chumba chetu hiyo ni jumla ya kilo 3,000, kama watu 40. Chumba cha kulala hakifikii hapo katika maisha ya kawaida, na kitanda, kabati na wenye chumba vinaingia bila shida. Ukumbini hali ni tofauti. Watu wakisongamana kucheza ngoma wanaweza kufika wanne au zaidi katika mita moja ya mraba, nao wanaruka kwa pamoja. Ndiyo maana ukumbi hupewa zaidi ya mara tatu ya chumba cha kulala, na ndiyo maana si salama kugeuza ghorofa ya nyumba ya kuishi kuwa ukumbi wa sherehe au chumba cha ibada bila hesabu mpya.

Tujumlishe kwa chumba chetu:

540 + 150 = 690

Zidisha kwa mita za mraba 20, unapata kilo 13,800. Karibu tani 14 zinaning'inia juu ya kichwa cha aliyeko chini, na zaidi ya robo tatu yake ni sakafu yenyewe.

Mhandisi hachori nondo kwa kilo 690, anaziongeza kwanza. Kwa kanuni ya zege ya Uingereza, BS 8110, mzigo wa kudumu huzidishwa kwa 1.4 na wa matumizi kwa 1.6:

1.4 × 540 + 1.6 × 150 = 756 + 240 = 996

Kizidishi cha mzigo wa matumizi ni kikubwa zaidi kwa sababu ndio tusiouamini. Eurocode inatumia 1.35 na 1.5, kwa mantiki hiyo hiyo. Ila usichanganye: ukianza na vizidishi vya kanuni moja, maliza na mizigo na hesabu za nondo za kanuni hiyo hiyo.

Kwa hiyo chumba chetu cha kulala kinasanifiwa kwa karibu tani moja katika kila mita ya mraba. Anayesikia hivyo huona kuna nafasi tele, akatamani kuitumia. Hapana. Ile ziada ina wenyewe: zege lililotoka dhaifu kuliko lilivyoagizwa, nondo zilizokanyagwa na kushuka siku ya kumwaga, vipimo vilivyokosewa kidogo. Mwenye nyumba hana haki ya kuitumia kama akiba.

Sasa tulete jambo linalotokea katika nyumba nyingi. Watoto wamekua, chumba cha mita 4 kwa 5 kinataka kugawanywa. Fundi anapendekeza ukuta wa tofali za inchi 6 katikati, wa urefu wa mita 4, kutoka sakafuni hadi darini, kimo cha mita 2.7. Unaonekana mdogo. Tuukokotoe kwa mita moja ya urefu. Tofali za mchanga na saruji zisizo na matundu tuzipe kilo 2,100 kwa mita ya ujazo:

0.15 × 2.7 × 2,100 = 850 (kwa kukadiria)

Lipu pande zote mbili, milimita 15 kila upande:

2 × 0.015 × 2.7 × 2,000 = 162

Jumla ni karibu kilo 1,010. Ikariri hii, kwa sababu itakufaa maisha yote: ukuta wa tofali za inchi 6 uliopigwa lipu pande zote una uzito wa kama tani moja kwa kila mita unayotembea kando yake. Ukuta wetu wa mita 4 una kilo 4,040. Mzigo wote wa matumizi uliokadiriwa kwa chumba hicho ulikuwa kilo 3,000. Yaani ukuta mmoja mwembamba unazidi umati wa watu 40, na hautoki.

Usijifariji kwa kuugawanya ukuta kwa mita 20 za mraba na kupata kilo 202. Ukuta haujatandazwa sakafuni. Umesimama kwenye mstari wa sentimita 15, na ukanda mwembamba wa slabu ulio chini yake ndio unaobeba sehemu kubwa. Kama nondo za ukanda huo hazikuongezwa wakati wa kusuka, huwezi kuziongeza zege likishakauka. Ukuta wa aina hiyo ulitakiwa uonekane kwenye mchoro tangu mwanzo, ili mhandisi aweke mhimili chini yake au aongeze nondo.

Njia ya kutokea ipo. Ukuta wa fremu za chuma na mbao za jipsamu pande mbili una kama kilo 30 kwa mita ya mraba ya ukuta, tuseme kilo 80 kwa kila mita ya urefu. Ule wa mita 4 unakuwa na kama kilo 320, moja ya kumi na mbili ya ukuta wa tofali. BS 6399 inamtaka mhandisi atenge mzigo wa ziada kwa ajili ya kuta nyepesi zinazohamishika pale ambapo bado haijulikani zitakaa wapi, na kwa ofisi mzigo huo usipungue kilonyutoni 1.0 kwa mita ya mraba. Ukijua mapema kwamba utagawanya vyumba baadaye, mwambie autenge. Itakugharimu nondo chache tu.

Hatari ya uzito wa kudumu unaoongezwa baadaye ilionekana wazi mjini Seoul tarehe 29 Juni 1995, duka kubwa la Sampoong lilipoanguka na kuua watu 502. Ghorofa ya tano ilikuwa imepangwa kwa matumizi mengine, ikageuzwa kuwa ya mikahawa, na sakafu ya zege yenye mabomba ya kupashia joto ikaongezwa juu ya slabu iliyokuwepo. Mitambo mizito ya kupoza hewa ikawekwa na baadaye kusogezwa juu ya paa. Jengo lilikuwa na kasoro nyingine pia, zikiwamo nguzo zilizopunguzwa unene, lakini nguzo hizo dhaifu zilikuwa zinabebeshwa uzito ambao mchoro wa kwanza haukuwa nao.

Kuna vitu viwili vya matumizi ambavyo huzidi makisio ya chumba kwa mbali, na vyote ni vya kawaida kwetu. Cha kwanza ni maji. Mita moja ya kina cha maji ni kilo 1,000 kwa mita ya mraba. Tangi la lita 1,000 likikaa kwenye duara lenye upana wa kama mita 1.1, linaikalia karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo mahali hapo pana karibu mara saba ya ile 150. Tangi liwekwe juu ya mhimili au ukuta unaoshuka hadi msingi, wala si katikati ya slabu. Cha pili ni bidhaa za dukani. Mifuko ya saruji iliyopangwa hadi kimo cha mita 1 ina kama kilo 1,500 kwa mita ya mraba, mara kumi ya chumba cha kulala. Anayekodisha chumba cha juu kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi amebadilisha jengo, ijapokuwa hajagusa tofali hata moja.

Hesabu hizi zinahitajika hata kabla nyumba haijaisha, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme unajenga ghorofa mbili. Slabu ya kwanza imekauka, mirunda yake imeondolewa, na sasa unamwaga ya pili ambayo mirunda yake imesimama juu ya ile ya kwanza. Zege bichi la milimita 150 lina kilo 375 kwa mita ya mraba. Ongeza mbao, mirunda, mafundi na matoroli, tuseme kilo 150. Jumla 525, zote zinashuka kwa mirunda mpaka slabu ya chini. Slabu ya chini ilikuwa na nafasi gani? Bado haina mota, vigae wala lipu, kwa hiyo ina nafasi ya kilo 165 za tabaka hizo, pamoja na 150 za matumizi, jumla 315. Unaipa 525 wakati mgawo wake ni 315, tena pengine zege lake halijafikisha siku 28. Kwa hiyo mirunda ya chini inabaki, au inarudishwa na kukazwa, ili uzito uendelee kushuka hadi ardhini. Vivyo hivyo usikubali lori limwage mchanga na tofali, kisha vibarua wavirundike katikati ya slabu mpya. Rundo la mchanga mkavu la nusu mita tu ni kama kilo 800 kwa mita ya mraba. Litandazwe kidogo kidogo, karibu na mihimili.

Baada ya yote haya, fahamu namba ya mzigo inaishia wapi. Kilo 690 zile zile zinaitesa slabu kwa viwango tofauti kulingana na umbali kati ya mihimili. Kwa slabu inayobebwa pande mbili tu, nguvu ya kupinda huongezeka kwa mraba wa umbali: ukitoka mita 3 kwenda mita 4, inazidi kwa karibu asilimia 78, ingawa chumba kimepanuka kwa theluthi tu. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walilijua hilo kwa vitendo. Sakafu zao za mawe na chokaa zilikuwa nene na nzito, boriti za mikoko zilikuwa na urefu wake, basi vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kwa hiyo usichukue nondo za nyumba ya jirani eti kwa sababu slabu zenu zina unene mmoja.

Kama sakafu yako tayari imejengwa na una wasiwasi, angalia upande wa chini. Nyufa zinazopita katikati ya dari zikifuata mstari wa ukuta ulioongezwa juu, milango ya chini iliyoanza kukwama kwenye fremu, vigae vinavyopasuka kwa mstari ulionyooka, au pengo jembamba linalotokea kati ya ukuta wa juu na sakafu yake, zote zinaonyesha kuwa slabu inashuka. Chora alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, kisha angalia baada ya wiki kadhaa. Ufa uliotulia tangu ujenzi na ufa unaotembea ni vitu viwili tofauti, na mhandisi atataka kujua wako ni upi. Ikiwa unatembea, ondoa kwanza kinachoondoka, yaani vitu vya matumizi, kabla hajafika.

Na ukipata michoro ya nyumba, tafuta ukurasa wa maelezo ya jumla wa mhandisi. Utaona herufi Gk mbele ya mzigo wa kudumu na Qk mbele ya wa matumizi, kila moja na kN/m² yake. Linganisha Qk na unachotaka kuweka chumbani, na Gk na tabaka ulizopima kwenye ukingo wa ngazi. Kama mota yako imezidi, au umepanga ukuta usioonekana pale, mpelekee mhandisi vipimo hivyo kabla fundi hajachanganya saruji.